Alama za Kutoa Mbili Zikifuatana: Rundo, Mabano na Yadi ya Treni

Haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi hapa Mbeya, mbele ya walimu wa hisabati na vijana wanaojifunza kuandika programu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila zile hatua nilizozionyesha kwa mikono na vizibo vya soda nimezigeuza kuwa maneno.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, habari za asubuhi. Vijana, najua baridi ya Julai haina huruma, na wengine mmetoka Uyole jua likiwa bado. Basi tuanze na kitu cha kuchangamsha damu. Shikeni kalamu, usichungulie kwa jirani, fanyeni hesabu hii:

```
10 - 4 + 3
```

Walioandika 9, mikono juu. Asanteni. Walioandika 3? Naona mikono, na si michache. Msiishushe haraka, maana najua mmelipata wapi hilo jibu. Mmelipata kwenye MAGAZIJUTO. Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Neno hili tumelikariri tangu shule ya msingi, tukaliimba mpaka likaingia kwenye mifupa. Na ndani yake JU imetangulia TO. Ukilifuata herufi kwa herufi unajumlisha kwanza 4 na 3, unapata 7, halafu unatoa 7 kwenye 10, unabaki na 3.

Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu waliolingana daraja, hakuna mkubwa kati yao. Wakikutana kwenye mstari mmoja, aliye kushoto anafanya kazi yake kwanza. Kugawanya na kuzidisha nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo MAGAZIJUTO inaonekana kama ngazi ya vipandio vitano, lakini vipandio vya kweli ni vitatu: mabano, kisha gawanya na zidisha wakiwa pamoja, kisha jumlisha na toa wakiwa pamoja. Walimu, hili ninawaomba mlichukue, kwa sababu mtoto aliyelikosa darasani ndiye atakayekuja kuliandika kosa lile lile kwenye programu. Ninajua, kwa kuwa mimi niliandika.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza programu ndogo ya kikundi kimoja cha wakulima wa parachichi huko Rungwe. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, zilizoharibika zinatolewa, zinazobaki zinazidishwa kwa bei ya kilo, halafu yanakatwa ada ya kikundi na nauli ya gari. Mhasibu wao akaniambia, "Kaka, makato yanabadilika kila msimu. Sitaki kukupigia simu kila mara. Nipe sehemu ya kuandika hesabu yangu mwenyewe, programu iisome." Ombi la haki kabisa. Nikaandika kipande cha programu kinachosoma mstari wa hesabu na kutoa jibu. Nikakijaribu kwa `2 + 3 + 4`, kwa `2 + 3 * 4`, kwa `(2 + 3) * 4`. Vyote vikajibu sawa. Nikakabidhi, nikarudi mjini.

Wiki ya kwanza ya malipo mama mmoja alirudi dirishani na karatasi yake. Alikuwa ameleta kilo 120, zikaondolewa 8, bei ilikuwa shilingi 1,500 kwa kilo, ada 5,000, nauli 6,000. Karatasi ilisema alipwe 169,000. Mama akamwambia mhasibu, "Mwanangu, hizi parachichi hata msingenikata senti moja hazifiki laki na sitini na tisa. Kuna kitu hakijakaa sawa." Alikuwa ameshapiga hesabu kichwani: kilo 112 mara 1,500 ni 168,000. Mashine ilikuwa imemkata makato mawili, na bado akatoka na zaidi ya thamani ya mzigo mzima.

Mhasibu alinipigia jioni hiyo. Leo nataka niwaonyeshe ile elfu moja ya ziada ilitoka wapi, na ili tuione lazima tuangalie jinsi mashine inavyosoma hesabu.

Sisi tunaandika alama katikati ya namba mbili: `10 - 4`. Macho yetu yanaona mstari wote kwa pamoja, yanaruka mbele na kurudi nyuma. Programu haina anasa hiyo. Inasoma kipande kimoja baada ya kingine kutoka kushoto, na inapofika kwenye alama ya kutoa haijui bado kama namba inayofuata ni yake au ya kuzidisha kunakokuja mbele. Alama inasomwa kabla ya wakati wake wa kufanya kazi, na hiyo ndiyo shida yote.

Kuna namna nyingine ya kuandika, ambapo alama inakuja nyuma ya vitu vyake. Msiione ngeni. Fikirieni mama anayemwelekeza binti yake kupika kande: "Chukua mahindi. Chukua maharage. Changanya. Weka nazi. Chemsha." Kitendo kinatajwa pale tu vitu vyake vinapokuwa vimeshafika kwenye chungu. Hakuna anayesema "changanya" halafu ndipo atafute maharage. Hesabu ya kumi toa nne kwa namna hiyo ni `10 4 -`. Kumi, nne, toa. Wataalamu huiita postifiksi, na wengine huiita Kipolandi cha kinyume, kwa kuwa Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Poland, ndiye aliyebuni mwaka 1924 uandishi usiohitaji mabano kwa kutanguliza alama mbele. Hii yetu imeirudisha nyuma. Kikokotoo cha mfukoni cha HP-35 kilichotoka mwaka 1972 kilifanya kazi hivyo hivyo, na hakikuwa na kitufe cha sawasawa kabisa. Mimi hapa nitasema tu "alama nyuma".

Kukokotoa mstari ulioandikwa kwa alama nyuma ni kazi rahisi kupita kiasi. Unahitaji rundo moja. Vijana wa kompyuta huliita staki, lakini ni rundo kama la sahani jikoni: unaweka juu, unachukua juu, ya chini huigusi mpaka za juu ziondoke. Ukisoma namba, iweke juu ya rundo. Ukisoma alama, chukua namba mbili za juu, fanya tendo, jibu lirudishe juu ya rundo. Mstari ukiisha, rundo liwe na namba moja tu, na hiyo ndiyo jibu. Hakuna kuuliza daraja wala mabano, na hakuna kurudi nyuma.

Pana shimo moja tu hapo, na nimewaona wengi wakitumbukia. Namba unayoichukua kwanza kutoka juu ni ya kulia, si ya kushoto, kwa sababu ndiyo iliyowekwa mwisho. Kwa `120 8 -` rundo lina 120 chini na 8 juu. Unachukua 8, kisha 120, halafu unafanya 120 toa 8. Ukiyapanga kwa jinsi yalivyotoka mkononi utafanya 8 toa 120 na kupata hasi 112. Kwa hiyo andikeni majina wazi:

```python
kulia = rundo.pop()
kushoto = rundo.pop()
```

Ukijaribu programu yako kwa kujumlisha na kuzidisha tu, shimo hili hutaliona milele, maana 3 jumlisha 5 na 5 jumlisha 3 ni kitu kimoja. Jaribuni kwa kutoa na kugawanya.

Basi swali linabaki: mhasibu wetu anaandika kama watu wote, alama katikati. Nani ataugeuza mstari wake uwe wa alama nyuma?

Hapa ninawapeleka stesheni. Wote tunaijua reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita hapa Mbeya kwenda Tunduma. Kwenye yadi ya treni, mabehewa yakija kwa mpangilio usiotakiwa, hayainuliwi kwa winchi. Kuna reli kuu, na kuna reli ya pembeni iliyozibwa mwisho wake. Behewa ambalo zamu yake bado linasukumwa kwenye reli ya pembeni. Mengine yanapita moja kwa moja. Zamu ikifika, lile la pembeni linavutwa kurudi kwenye reli kuu, na kwa kuwa njia haina mlango wa pili, lililoingia mwisho ndilo linalotoka kwanza. Reli ya pembeni ni rundo, ila limelala chini.

Mfano huu sikuubuni mimi. Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliutumia katika ripoti yake ya mwaka 1961 kwenye Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, alipoeleza jinsi yeye na Jaap Zonneveld walivyotafsiri lugha ya ALGOL 60 kwa kompyuta iliyoitwa X1. Mpaka leo njia hii inaitwa kwa jina la yadi ya kupangia mabehewa.

Namba zinapita moja kwa moja kwenye reli kuu, hazisimami popote. Ndiyo maana ukilinganisha mstari wa alama katikati na ule wa alama nyuma, namba zinabaki kwa mfuatano ule ule; zinazohama ni alama peke yake. Alama ikifika inaingia reli ya pembeni kusubiri. Lakini kabla haijaingia inatazama aliyetangulia, yule aliye mlangoni. Akiwa wa daraja la juu kuliko mgeni, anatoka kwanza. Akiwa wa daraja sawa na mgeni, anatoka pia. Mgeni anarudia kumtazama anayefuata, mpaka akute wa daraja la chini yake au akute reli tupu. Hapo ndipo anaingia.

Kuzidisha na kugawanya tuwape daraja 2, kujumlisha na kutoa daraja 1.

Mabano yana utaratibu wake. Bano la kufungua linaingia reli ya pembeni bila kumtazama yeyote na bila kumtoa yeyote. Likishakaa humo linakuwa ukuta: hakuna alama inayotolewa kupita ukuta huo. Bano la kufunga lenyewe haliingii. Likifika, linatoa alama zote moja moja mpaka likute bano la kufungua, halafu yote mawili yanatupwa. Kwenye mstari wa alama nyuma hakuna mabano.

Sasa tuchukue hesabu ya yule mama:

```
(120 - 8) * 1500 - 5000 - 6000
```

Nendeni nami polepole. Bano la kufungua linaingia reli ya pembeni. 120 inapita. Alama ya kutoa inafika, inakuta ukuta, inaingia na kukaa mbele yake. 8 inapita. Bano la kufunga linafika: linaitoa ile alama ya kutoa, linakuta bano mwenzake, wanaondoka wote. Reli ya pembeni ni tupu, na kwenye reli kuu tuna `120 8 -`. Kilo zilizoharibika zimeshaondolewa kabla bei haijaguswa, kama mhasibu alivyokusudia.

Alama ya kuzidisha inafika, inakuta reli tupu, inaingia. 1500 inapita. Inafika alama ya kutoa, ile ya ada. Inamtazama aliye mlangoni: kuzidisha, daraja 2, mkubwa wake. Kuzidisha anatoka, kutoa anaingia. Reli kuu sasa ni `120 8 - 1500 *`. Inapita 5000.

Hapa ndipo penyewe. Inafika alama ya kutoa ya nauli. Mlangoni amekaa kutoa wa ada. Daraja 1 kwa daraja 1. Wamelingana. Kanuni inasema aliyelingana anatoka pia, kwa hiyo kutoa wa ada anatoka na kutoa wa nauli anaingia. 6000 inapita. Mstari umeisha, kwa hiyo tunaondoa vyote vilivyobaki pembeni: kutoa mmoja. Tunapata:

```
120 8 - 1500 * 5000 - 6000 -
```

Kokotoeni kwa rundo la sahani. 120 na 8, toa, 112. Weka 1500, zidisha, 168000. Weka 5000, toa, 163000. Weka 6000, toa, 157000. Hiyo ndiyo haki ya mama.

Sasa programu yangu. Mimi niliandika kwamba mgeni amtoe aliye mlangoni ikiwa tu aliye mlangoni ni *mkubwa* wake. Wa kulingana nikamwacha akae. Niliona kama heshima ya kawaida: wewe na mimi tumelingana, kwa nini nikuondoe? Matokeo yake, kutoa wa nauli alipofika hakumgusa kutoa wa ada. Wakakaa wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Mstari ulipoisha wakatoka kwa mpangilio wa rundo, wa mwisho kwanza:

```
120 8 - 1500 * 5000 6000 - -
```

Kokotoeni tena. Tunafika 168000, tunaweka 5000, tunaweka 6000. Kutoa wa kwanza anachukua mbili za juu: 5000 toa 6000, hasi 1000. Kutoa wa pili anafanya 168000 toa hasi 1000. Jibu 169000. Ile elfu moja ya mama hii hapa. Programu ilikuwa imeweka mabano ambayo hakuna mtu aliyeyaandika, ikasoma mzigo toa mabano ada toa nauli, na nauli badala ya kukatwa ikaongezwa.

Na tazameni tofauti ya majibu mawili: 169,000 na 157,000. Ni 12,000, yaani nauli mara mbili, mara moja kwa kutokukatwa na mara ya pili kwa kuongezwa. Mkiona malipo yamezidi kwa mara mbili ya kato la mwisho, msihangaike na bei wala mizani, nendeni moja kwa moja kwenye mstari huu:

```python
while rundo and rundo[-1] != '(' and DARAJA[rundo[-1]] >= DARAJA[k]:
    nje.append(rundo.pop())
rundo.append(k)
```

Humo `rundo` ni reli ya pembeni, `rundo[-1]` ni aliye mlangoni, `nje` ni reli kuu, na `k` ni alama mgeni. Kwenye programu yangu palikuwa na `>`. Ilipungua alama moja ya sawasawa. Na ile `10 - 4 + 3` tuliyoanza nayo, ukiipitisha kwenye programu yenye `>`, unapata `10 4 3 + -`, na jibu lake ni 3. Ni jibu lile lile la wanaofuata MAGAZIJUTO kwa herufi zake. Kosa la mtoto wa darasa la tano na kosa langu ni kosa moja. Tofauti ni kwamba la mtoto linakaa kwenye daftari, langu lilifika kwenye pesa za watu.

Kwa nini majaribio yangu matatu hayakulikamata? `2 + 3 + 4` kwenye programu mbovu inakuwa `2 3 4 + +`, yaani 2 jumlisha 7, na jibu bado ni 9. Kujumlisha hakujali nani ameshikana na nani kwanza. Ile `2 + 3 * 4` ina madaraja tofauti, kwa hiyo swali la kulingana haliulizwi kabisa. Na ya mabano vivyo hivyo. Nilikuwa nimejaribu kila mahali isipokuwa pale palipovunjika. Jaribio linalokamata ni kutoa mbili zikifuatana, au kugawanya mbili zikifuatana: `100 - 30 - 20` lazima itoe 50. Ikitoa 90, mmejua.

Kuna njia nyingine ya kulijua kosa hili bila hata kutazama jibu, na mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Ichapisheni reli ya pembeni kwenye skrini kila kipande kinapoingia. Ikiwa kanuni inafuatwa, madaraja yaliyomo yanapanda siku zote kutoka ndani kuja mlangoni: 1 kisha 2. Hayawezi kulingana, kwa sababu anayeingia ameshamtoa kila aliyelingana naye au kumzidi. Kwa hesabu yenye madaraja mawili na isiyo na mabano, reli ya pembeni haiwezi kuwa na alama zaidi ya mbili kwa wakati mmoja, hata mstari uwe mrefu kama barabara ya kwenda Chunya. Mkiona alama mbili za kutoa zimekaa pamoja bila bano katikati yake, programu imeshakosea, hata kama jibu la leo limebahatika kuwa sahihi.

Kijana mmoja hapo mbele ameuliza swali zuri: kwa nini bano la kufungua tusilipe tu daraja kubwa, 3, maana kwenye MAGAZIJUTO ndilo la kwanza? Jaribu, mdogo wangu, utaona. Ukilipa daraja 3, alama inayofuata ikifika itamkuta mkubwa mlangoni, itamtoa, na bano litatembea kwenye reli kuu kati ya namba kama abiria asiye na tiketi. Bano si tendo. Linapofika linaingia bila kuuliza, na likishakaa linahesabiwa kama daraja la chini kuliko wote, ndiyo maana hakuna anayeweza kulitoa ila mwenzake wa kufunga. Kwenye ule mstari niliowaonyesha, sehemu ya `!= '('` ndiyo inayoulinda ukuta.

Mabano ndiyo pia yanayotuambia mwandishi kakosea. Bano la kufunga likitafuta mwenzake mpaka reli ikaisha, basi kuna bano la kufungua lililosahauliwa. Mstari ukiisha na bano la kufungua bado limekaa pembeni, basi halikufungwa. Programu iseme hivyo kwa Kiswahili kinachoeleweka, imwambie mhasibu "bano halijafungwa", isimtupie jibu la kubahatisha.

Lakini njia hii haikamati kila upuuzi. Mtu akiandika `3 4 +`, yaani alama nyuma tayari, inapita bila kuguswa, nje inatoka `3 4 +`, jibu 7, na hakuna anayejua kwamba aliandika vibaya. Pengine alitaka kuandika `3 * 4 + 1` kidole kikateleza. Kwenye hesabu za malipo hilo si jambo dogo. Dawa yake ni kuwa na kumbukumbu moja inayosema sasa hivi ninasubiri nini, namba au alama. Mwanzo wa mstari ninasubiri namba. Nikishaisoma ninasubiri alama. Baada ya alama, namba tena. Bano la kufungua linakuja ninaposubiri namba, la kufunga linakuja ninaposubiri alama. Kikija kisichotarajiwa, simama.

Kumbukumbu hiyo hiyo inatatua jambo la pili lililonisumbua miezi mizima. Mhasibu aliandika `-500 + 2000`, akimaanisha deni la mia tano. Kutoa ni tendo la namba mbili, na hapo upande wa kushoto hakuna kitu. Wakati wa kukokotoa programu ikachukua kutoka rundo tupu na kuanguka. Sasa ukiona kistari cha kutoa wakati unasubiri namba, hicho si tendo la kutoa bali ni ishara ya hasi, na kinashikana na namba inayokifuata. Kikija wakati unasubiri alama, ni tendo. Kistari kimoja, kazi mbili, na kinachotofautisha ni mahali kilipokaa tu.

Mwalimu wa kidato cha nne amegusia vipeo. Kweli, huko kanuni inageuka. Mbili kwa kipeo cha tatu kwa kipeo cha mbili, tukiandika `2 ^ 3 ^ 2`, wanahisabati wanaanza kulia: 3 kwa kipeo cha 2 ni 9, na 2 kwa kipeo cha 9 ni 512. Ukianza kushoto unapata 64. Kwa hiyo kipeo tumpe daraja 3, na huyu peke yake, akikuta kipeo mwenzake mlangoni, amwache akae. Kile nilichokikosea kwenye kutoa, kwenye kipeo ndicho sahihi. Kwenye programu wekeni pembeni ya kila alama daraja lake na upande wake, kushoto au kulia, na sharti litazame vyote viwili.

Kabla hatujaenda kunywa chai, kuna vizibo vya soda kwenye meza ya mlangoni, nimeviandika alama kwa kalamu ya wino mzito. Kaeni wawili wawili, mchoreni reli kuu na reli ya pembeni kwenye karatasi, mpitishe hii:

```
48 / (10 - 4) / 2 * 3
```

Ndani ya mabano reli ya pembeni itakuwa na vizibo vitatu, mkihesabu na bano. Mabano yakishafungwa, isizidi kizibo kimoja mpaka mwisho. Kwenye reli kuu mtapata `48 10 4 - / 2 / 3 *`. Jibu ni 12. Likija 48, mnajua mgeni gani aliingia bila kumtoa aliyelingana naye.